Kipimo cha moyo kilitoka safi, wiki tatu baadaye baba mdogo akadondoka. Huo uchafu wa mshipani ulikuwa umejificha wapi?

Mzawa wa Soni

Wakuu habari za jioni. Naombeni mnieleweshe, maana familia imegawanyika na Jumamosi kuna kikao.

Baba mdogo ana miaka 56, fundi ujenzi. Sigara kavuta tangu ujanani, presha anayo na dawa anameza akikumbuka. Mwezi wa pili alienda kupima moyo kwa hiari yake, kwa sababu kaka yake alifariki ghafla. Wakamfunga waya kifuani, wakampandisha kwenye mashine ya kukimbilia, akaenda dakika 9 bila kifua kubana. Karatasi ikatoka haina dosari. Kwenye damu LDL, ile kolesteroli mbaya, ilikuwa 4.3, akaambiwa apunguze mafuta. Tulifurahi, tukachinja jogoo.

Wiki tatu baadaye, Jumapili saa 12 na nusu asubuhi, anafungua geti, akashikwa na kifua. Jasho likamtoka kama kamwagiwa maji, akatapika. Mama mdogo akajua ni vidonda vya tumbo, akampa dawa ya kutafuna ya gesi. Tulifika hospitali karibu saa nne baada ya maumivu kuanza. Wakasema mshtuko wa moyo, mshipa umeziba. Wakamchoma dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, Mungu mkubwa akaamka.

Baadaye alifanyiwa anjiografia. Daktari akatuonyesha kwenye skrini: ule mshipa wa mbele wa kushoto umebana asilimia 40 tu. Stenti hawakuweka.

Maswali yangu mawili. Ile kliniki ya kwanza ilitudanganya? Upande mmoja wa familia unataka kuwashtaki. Na la pili, kitu kilichobana asilimia 40 kinazibaje mshipa mzima kwa asubuhi moja?

Nasubiri Wajuzi

Naweka mkeka hapa. Pole mkuu.

Babu Kitunguu

Pole kijana. Jibu ni jepesi. Mafuta tunayokula hugandamana ndani ya mishipa kama yanavyogandamana kwenye bomba la sinki la jikoni. Siku yakijaa, bomba linaziba. Asilimia 40 aliyoionyeshwa ni yaliyobaki baada ya dawa kusafisha mengine. Hapo atumie kitunguu saumu punje nne, limau moja na maji ya moto asubuhi kabla ya kula, yatayeyuka yote. Mimi nina miaka 71 na sijawahi kulazwa.

Kisu cha Patholojia

Mzawa, pole sana, na mshukuru Mungu. Mimi ni mtu wa patholojia. Mioyo ninayoishika mimi, wenye nayo hawaihitaji tena, kwa hiyo mnisamehe nikiongea kama mchinjaji.

Babu, shikamoo. Hiyo picha ya bomba la sinki ndiyo inayowapotosha hata wasomi. Ningekuwa na mshipa wa moyo wa mtu wa miaka 56 mezani, ningeukata vipande vya milimita tatu tatu kama mtu anayekata bamia. Kwenye vipande vingi tundu la katikati ningelikuta safi, linang'aa. Hakuna mafuta yaliyoganda humo. Ugonjwa uko ndani ya nyama ya ukuta wenyewe. Nikibonyeza ukuta kwa ncha ya koleo, unatoka uji wa njano. Wala sitanii: jina la kitabibu la kitu hiki, atheroma, limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya uji.

Ukuta ukivimba kwa uji huo, mshipa haukubali kubanwa hivihivi. Unajitanua kwenda nje ili njia ya damu ibaki na upana uleule. Mwaka 1987 Seymour Glagov na wenzake wa Chicago walipima mshipa mkuu wa kushoto kwenye mioyo 136 ya maiti. Waliona kwamba uvimbe lazima uchukue kama asilimia 40 ya eneo lote la ndani ya mshipa ndipo njia ya damu ianze kupungua. Kabla ya hapo mtu anaumwa na njia yake ni pana vilevile.

Sasa rudi kwenye mashine ya kukimbilia. Inauliza jambo moja tu: moyo ukienda mbio, damu inautosha? Ili isitoshe, mara nyingi njia iwe imebana asilimia 70 au zaidi. Baba yako mdogo mwezi wa pili damu ilimtosha. Kliniki haikudanganya, ilijibu swali ililoulizwa. Aliyekosea, kama yupo, ni aliyesema "moyo safi" na kumruhusu mvuta sigara mwenye presha na LDL 4.3 arudi nyumbani na ushauri wa kupunguza mafuta peke yake.

Mzawa wa Soni

Duh. Kwa hiyo hata anjiografia haikuona ugonjwa, iliona njia tu?

Kisu cha Patholojia

Umeshika. Ile rangi inayochomwa inajaza njia ya damu, na picha ni ya kile kilichojazwa. Ni kama kutazama kivuli cha chupa ukitaka kujua unene wa kioo. Asilimia 40 ni kiasi ambacho uvimbe umeingia njiani, haisemi uliobaki ukutani ni mkubwa kiasi gani.

Mwananchi Mdadisi

Hapa niongeze kitu ambacho madaktari wengi hawapendi kukisema. Kolesteroli inasingiziwa. Tatizo ni mshipa kujeruhiwa na kuvimba kwa ndani, kwa sababu ya sigara, sukari na presha. Kolesteroli inakuja pale kama zimamoto, inakuja kuziba jeraha. Ukikuta gari la zimamoto kwenye kila moto utasema ndilo linalowasha? Mtu asiye na jeraha anaweza kuwa na LDL ya kiwango chochote asidhurike.

Kisu cha Patholojia

Mdadisi, nusu ya maneno yako ni kweli na nakupa haki yako. Wazo la jeraha ni la zamani na ni la heshima, Russell Ross alilijenga miaka ya 1970. Ila jinsi tunavyolielewa neno jeraha kumebadilika.

Ngozi ya ndani ya mshipa ni safu moja tu ya chembe, zimepangana kama vigae. Mwanzoni hakuna kigae kilichobanduka. Safu ipo nzima, lakini imeharibika tabia. Na haiharibiki popote. Nikipasua mshipa kwa urefu nakuta ugonjwa umekaa kwenye njia panda: pale mshipa wa shingo unapogawanyika, pale ule wa mbele wa moyo unapochipukia, na kwenye mshipa mkuu wa tumboni chini ya figo. Sehemu zilizonyooka damu inapita kwa kasi upande mmoja, na zile chembe hujilaza kuelekea mkondo, zinatoa gesi ya naitriki oksaidi inayolegeza mshipa na kuzuia chembe nyingine kunata. Kwenye njia panda damu inazunguka, inasita, inarudi nyuma. Hapo vigae havijui vijilaze upande gani, na ukuta unaachia vitu kupita. Sigara, presha na kisukari vinazidisha hali hiyo, na hapo uko sahihi.

Lakini sigara na presha hupita mwili mzima, mbona uji uko njia panda tu? Na kinachopita ukutani ni nini? Ni punje za LDL zenyewe. Ni ndogo mno, ukizipanga mstari mmoja zinaenea zaidi ya elfu arobaini kwenye milimita moja. Zinaingia na kutoka siku zote, kwako na kwangu. Balaa linaanza zikinaswa. Chini ya ile safu kuna nyuzi za protini na sukari zenye chaji hasi, na ile protini inayoifunga punje ya LDL ina sehemu zenye chaji chanya. Zinanasana kama mbegu za kishona nguo kwenye suruali. Iliyonaswa inakaa, inaharibika, na iliyoharibika ndiyo inayoita askari. Kwa hiyo huyo zimamoto wako anafika akiwa amebeba petroli.

Mwananchi Mdadisi

Hiyo ni nadharia. Ushahidi kwamba LDL peke yake inatosha uko wapi?

Kisu cha Patholojia

Upo kwa watu wanaozaliwa na LDL ya juu kupindukia kwa kurithi jeni mbovu kwa baba na kwa mama. Hao wanapata mshtuko wa moyo wakiwa watoto au vijana. Hawajavuta sigara, hawana presha, hawana kisukari.

Na upo upande wa pili, ambao mimi naupenda zaidi kwa sababu unatuhusu sisi ngozi nyeusi. Mwaka 2006 Jonathan Cohen na Helen Hobbs wa Dallas walitoa matokeo ya Wamarekani weusi waliofuatiliwa miaka 15. Kama 2.6 kwa kila 100 walikuwa na jeni ya PCSK9 iliyokatika, LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28 tangu kuzaliwa. Ugonjwa wa mishipa ya moyo kwao ulipungua kwa asilimia 88, ingawa wengi walikuwa na presha na wengine wanavuta sigara. Kidonge kinachoanzwa ukubwani kikishusha LDL kiasi hichohicho hakifikii hata nusu ya faida hiyo. Maana yake ni kwamba kinachohesabiwa ni kiwango mara miaka. Baba mdogo wa Mzawa LDL 4.3 hakuianza mwezi wa pili.

Lakini na wewe nikupe kete yako. Mwaka 2017 lilitoka jaribio la dawa ya kuzuia huko kuvimba kwa ndani unakokusema, kanakinumabi, ambayo haigusi LDL kabisa. Mishtuko ya moyo na kiharusi ilipungua kwa kama asilimia 15. Kwa hiyo kuvimba huko si mtazamaji, kunashiriki. Shida yake dawa ile iliongeza vifo vya maambukizi, haikuingia kwenye matumizi hayo.

Mtoto wa Longido

Samahani wakuu naingilia. Babu yangu kaishi kwa maziwa, nyama na damu mpaka miaka themanini na ushee, hajui hospitali. Wamasai wa zamani mafuta wamekula kuliko mtu yeyote kwenye uzi huu na hakuna aliyekuwa anaanguka na moyo. Hii LDL yenu inawahusu watu wa mjini.

Kisu cha Patholojia

Longido, ungejua umenifurahisha kiasi gani. Watu wa kwenu wamo katikati kabisa ya hadithi hii.

Miaka ya 1960 George Mann, daktari wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, alikuja Tanganyika kwa swali hilohilo lako. Akapima wanaume wa Kimasai, akakuta kolesteroli kwenye damu iko chini, na kwenye ECG dalili za ugonjwa wa moyo karibu hakuna. Dunia ikaishia hapo na kushangilia. Yeye hakuishia hapo. Akakusanya mioyo na mishipa ya wanaume 50 wa Kimasai waliokufa kwa sababu mbalimbali, akatoa matokeo mwaka 1972. Ukuta wa mishipa ya moyo ulikuwa umenenepa kwa ugonjwa huuhuu, unene uliolingana na wa wazee wa Kimarekani. Lakini mishipa ilikuwa imepanuka kadiri umri ulivyokwenda, kiasi kwamba njia ya damu ilibaki pana. Yeye alidhani ni ile kutembea kwao kutwa nzima.

Kwa hiyo hawakukosa uji, walikuwa na mshipa mpana. Huyo Glagov niliyemtaja alikuja kueleza jambo hilohilo miaka 15 baadaye.

Mtoto wa Longido

Ahaa. Sasa kama walikuwa nao, mbona haukuwaua?

Kisu cha Patholojia

Sehemu ni upana wa mshipa. Sehemu ni kwamba aina ya kilichomo ukutani ni muhimu kuliko ukubwa wake, nitaifikia. Na sehemu, sina jibu. Mioyo 50 ni michache na hakuna atakayeipata tena, maisha yale yamebadilika.

Mama Nasra

Asanteni kwa somo. Mimi mishipa ya mguu wa kushoto imevimba kama nyoka tangu nijifungue huyu wa nne, jioni inauma. Ina maana ndiyo uji huo umejaa? Nianze dawa ya kolesteroli?

Kisu cha Patholojia

Hapana mama. Hizo za mguuni ni vena, zinarudisha damu, na shida yake ni vali zimelegea. Kalale miguu juu, uvae soksi za kubana, na siku moja uione kliniki. Vena hazipati uji.

Ila umenikumbusha jambo. Mtu akifanyiwa upasuaji wa kupandikiza njia mpya moyoni, mara nyingi huchukuliwa vena hiyohiyo ya mguuni ikashonwa kwenye moyo. Mguuni ingekaa miaka 80 bila tone la uji. Ikishahamia kwenye msukumo wa ateri, ndani ya miaka kadhaa tu inaanza kujaa. Damu ni ileile, mtu ni yuleyule, LDL ni ileile. Kilichobadilika ni msukumo. Mdadisi, hiyo nayo ni kete yako, chukua.

Mzawa wa Soni

Mkuu Kisu turudi kwa mzee. Tumefika LDL imenaswa ukutani. Kutoka hapo mpaka Jumapili ya geti kulitokea nini?

Kisu cha Patholojia

Twende polepole, maana katikati kuna miaka thelathini au arobaini.

LDL iliyonaswa na kuharibika inafanya ile safu ya vigae iote kulabu upande wa damu. Chembe nyeupe zinazopita zinanasa kwenye kulabu, zinajipenyeza kati ya vigae, na zikiingia ukutani zinageuka kuwa walafi wanaoitwa makrofaji. Kazi yao ni kumeza uchafu. Wanameza LDL, na ubaya wao hawana breki. Chembe nyingine za mwili zikishiba kolesteroli hufunga mlango, hawa kwa LDL iliyoharibika hawafungi. Kwenye hadubini tumbo lao limejaa matone mpaka linafanana na povu la sabuni.

Kundi la hao kwa macho ni mstari wa njano kwenye mshipa, hauumi, hauzibi kitu. Vijana wanao. Mwaka 1953 madaktari wa jeshi la Marekani walichunguza mioyo ya askari 300 waliouawa vita ya Korea, wastani wa miaka 22. Asilimia 77 walikuwa na ugonjwa huu kwa namna fulani, mwingi wake mdogo. Miaka 22! Hao walikuwa wamefaulu kupimwa afya ya jeshi.

Kisha walafi wanaanza kufa. Kwa kawaida chembe ikifa, jirani anaizika mapema. Humu wazikaji nao wameshiba hawawezi, maiti zinaoza palepale na kumwaga mafuta yao. Ndiyo huo uji. Kolesteroli ikizidi inagandamana kuwa vipande vyenye ncha, nikiiona kwenye hadubini imeacha nafasi nyembambanyembamba kama mipasuko ya wembe.

Mwili unajitetea. Chembe za misuli ya mshipa zinapanda kutoka tabaka la chini, zinafuma kolajeni juu ya uji. Huo ndio mfuniko. Uvimbe wenye mfuniko mnene na uji kidogo unaweza kukaa mpaka mtu afe kwa mengine. Chokaa nayo inaingia, nikikata kisu kinakwaruza kama ninakata ganda la yai.

Sasa mzee. Katikati ya uji kuna walafi hai, hasa pembeni, pale mfuniko unapoungana na ukuta mzima. Wanatoa vimeng'enya vinavyokula kolajeni, na wakati huohuo wafumaji wa kolajeni wanauawa. Mfuniko unazidi kuwa mwembamba. Ile tunayoiita hatari ina unene chini ya mikromita 65, ni nyembamba kuliko karatasi ya daftari la shule. Na kila pigo la moyo linauvuta, mara laki moja kwa siku.

Ukubwa wa uvimbe hauna uhusiano na wembamba huo. Uvimbe ulioingia njiani asilimia 40 unaweza kuwa na mfuniko wa karatasi, na ule wa asilimia 80 ukawa na mfuniko wa turubai. Na kwa kuwa wale wadogo ni wengi kuliko wakubwa, mishtuko mingi hutokea kwao.

Mzawa wa Soni

Na Jumapili?

Kisu cha Patholojia

Jumapili karatasi ilichanika, uwezekano mkubwa kwenye ile pembe. Mimi sikuuona mshipa wake, nasema kwa mazoea. Alfajiri presha inapanda, homoni za kuamka zinapanda, damu inakuwa rahisi kuganda. Mishtuko ya moyo imezidi kidogo saa hizo. Geti lenyewe msilichukie.

Ule uji una kitu damu haijawahi kukutana nacho, protini inayoitwa tishu fakta. Kazi yake ni kuambia damu "hapa tumekatwa, ganda". Ukijikata kidole inakuokoa. Chembe sahani zinanata kwenye kolajeni iliyofunuka, zinaita wenzao, na protini za damu zinafuma wavu wa faibrini juu yao. Damu haina namna ya kujua kwamba haijatoka nje ya mwili. Ndani ya dakika chache kigingi kinaziba njia ya milimita tatu au nne. Nyama ya moyo iliyokuwa inalishwa na mshipa huo huanza kufa kama baada ya dakika 20 hadi 30, na inaendelea kufa kwa saa kadhaa.

Kwa hiyo jibu la swali lako la pili: asilimia 40 ni uvimbe, asilimia 60 iliyobaki ilikuwa damu yake mwenyewe iliyoganda. Dawa ikayeyusha kigingi, uvimbe ukabaki. Babu Kitunguu, kwa hapo umepatia kwamba dawa ilisafisha, ila haikusafisha mafuta. Hakuna dawa ya saa moja inayogusa uji, na limau halifiki huko. Linaishia tumboni.

Babu Kitunguu

Marahaba. Limau sitaacha.

Kisu cha Patholojia

Usiache babu, linafaa kwenye samaki.

Bint Muscat

Assalamu alaykum. Nasoma tangu jana. Mimi nina miaka 43, naishi Muscat, mwaka juzi nilipata mshtuko wa moyo. Troponini, kile kipimo cha damu cha moyo kuumia, ilipanda, anjiografia wakasema mishipa haina mbano wa maana. Wakaingiza kamera ndogo ya mwanga ndani ya mshipa, wakaniambia mfuniko wangu haujachanika, damu imeganda tu juu yake. LDL yangu ilikuwa 3.0. Nilikuwa mvutaji wa shisha kila usiku, sasa nimeacha. Hadithi ya karatasi kuchanika hainihusu. Yangu ni nini?

Kisu cha Patholojia

Waalaykum salaam dada. Yako tunaiita mmomonyoko. Uvimbe upo, mfuniko mzima, uji ni kidogo au haupo. Kilichotoka ni ile safu moja ya vigae juu yake, na damu ikagandia hapo. Kigingi chake huwa na chembe sahani nyingi, cheupe, wakati cha kuchanika ni chekundu. Kinaonekana zaidi kwa wanawake wasio wazee na kwa wavuta tumbaku, na shisha ni tumbaku hata ikinukia tufaha. Ni sehemu kubwa tu ya mishtuko, kwenye baadhi ya tafiti za kamera kama hiyo imefika theluthi.

Kwa nini vigae vibanduke bila uji kuoza chini yake, hapo wataalamu bado wanabishana.

Mwananchi Mdadisi

Kwa hiyo hata kwako kuna jeraha lisilo na kolesteroli.

Kisu cha Patholojia

Uvimbe wa chini yake ulijengwa na nini, Mdadisi? Tutakesha.

Nasubiri Wajuzi

Swali la kijinga. Kwa nini wasiweke stenti kwenye kila uvimbe mapema kabla haujachanika?

Kisu cha Patholojia

Si la kijinga, mabilioni yametumika kulijibu. Jaribio moja lilitoka 2007 na jingine 2020, wagonjwa maelfu wenye mbano wa kudumu, si wa dharura. Stenti iliwapunguzia maumivu ya kifua, lakini ukilinganisha na dawa peke yake haikupunguza vifo. Stenti inatanua sentimita mbili za njia. Uji uko kwenye mishipa yote, na hujui utachanika upi. Kwa mtu aliyeziba sasa hivi ni hadithi nyingine kabisa, huyo stenti inamwokoa.

Na kuna jambo linanisumbua kila nikikata. Nakuta mifuniko iliyochanika zamani ikapona, tabaka juu ya tabaka kama chapati, na mwenye moyo hakuwahi kujua. Kwa hiyo kuchanika si lazima kuue. Kwa nini tabaka la tano lilipona kimya na la sita likamleta kwangu? Damu ya siku hiyo ilikuwa tayari kuganda zaidi? Mpasuko ulikuwa mkubwa? Sina la kukuambia.

Mzawa wa Soni

Wakuu mrejesho. Leo nimeenda kwa mzee. Kikao tumekifuta, hakuna wa kumshtaki. Ila nimekuta jambo. Ana atorvastatini ya kushusha LDL, aspirini na klopidogreli. Aspirini na klopidogreli anameza. Atorvastatini kaacha miezi miwili, paketi imelala kwenye droo ya misumari. Anasema alipima LDL ikawa 1.8, kwa hiyo amepona. Anauliza pia kama hizo za kulainisha damu aache, fizi zinatoka damu akipiga mswaki.

Kisu cha Patholojia

Mzawa, 1.8 ilikuwa ya kidonge. Akipima wiki hii ataikuta imerudi kule kwenye 4. Na kidonge hicho hakifanyi namba tu: LDL ikikaa chini miezi na miaka, walafi wanapungua, uji unakauka, mfuniko unanenepa. Chokaa inaweza hata kuongezeka kwenye picha, asishtuke. Uvimbe haufutiki, mara nyingi unasinyaa kidogo sana.

Zile mbili za kulainisha damu asiache hata moja kwa uamuzi wake. Fizi kutoka damu kidogo ni kitu cha kumwambia daktari wake, awahi kesho. Akiona kinyesi cheusi kama lami, aende usiku huohuo. Na muulize sigara.

Mzawa wa Soni

Sigara kapunguza, anavuta mbili kwa siku, moja asubuhi getini.

Yuko hapa pembeni yangu anasoma na miwani ya mama mdogo. Anasema mwambieni huyo mtu wa visu kwamba kidonge nitameza, ila nataka nijue, huo uji wangu bado upo?

Kisu cha Patholojia

Upo mzee wangu, shikamoo. Upo, na jirani zake wapo.

Mzawa wa Soni

Amecheka. Ametuma mtoto alete maji.